Kurefuka baada ya kupona ugonjwa wa kujinyima chakula
"Akianza kula vizuri si atarefuka tu kama wenzake?"

Inategemea mifupa imefika wapi. Binti yangu alianza kujinyima chakula akiwa na miaka 12, kabla ya kuvunja ungo. Alama ya penseli mlangoni ikakaa palepale mwaka mzima. Eksirei ya mkono wa kushoto ilionyesha mifupa ya mtoto wa miaka 11, yaani gegedu za kukulia, sehemu laini ambako mifupa hurefukia, zilikuwa bado wazi. Uzito uliporudi akarefuka tena, ila hakufikia kimo tulichotarajia. Angeugua akiwa na miaka 16, gegedu zikiwa karibu kufunga, kimo kisingeguswa sana. Uimara wa mifupa ndio ungeumia, na huo mara nyingi haurudi wote hata hedhi iliyokatika kwa ugonjwa ikirejea.