Mtaji hautoshi miradi yote: tufuate kasi ya kurudi kwa fedha au faida ya kila shilingi?

Tuchukue chama cha ushirika cha wakulima mkoani Singida chenye shilingi milioni 120 za kuwekeza mwaka huu, na mapendekezo manne mezani. Mfano ni wa kubuni, nimeujenga ili hesabu ifuatike, ila mvutano uliomo ni uleule unaozikuta bodi za kweli. Pendekezo la kwanza ni kununua Fuso iliyotumika kwa milioni 50. Itaingiza milioni 30 mwaka wa kwanza, 25 mwaka wa pili na 10 mwaka wa tatu, ikiwemo bei ya kuiuza. La pili ni mashine ya kukamua na kuchuja mafuta ya alizeti kwa milioni 80, itakayoingiza milioni 28 kila mwaka kwa miaka mitano. La tatu ni kisima chenye pampu ya sola kwa bustani ya mboga: milioni 40, na mapato ya milioni 12 kwa mwaka kwa miaka sita. La nne ni ghala la nafaka la milioni 50, litakaloleta milioni 12.5 kwa mwaka kwa miaka kumi. Yote kwa pamoja yanahitaji milioni 220, na hakuna mradi unaoweza kufanywa nusu.

Mweka hazina wa kawaida ataanza na swali jepesi: fedha yetu itarudi lini? Hicho ndicho kipindi cha kurejesha mtaji. Fuso inarudisha gharama yake kwa mwaka mmoja na miezi kama kumi, mashine kwa karibu miaka mitatu, kisima kwa miaka mitatu na miezi minne, ghala kwa miaka minne kamili. Akifuata mpangilio huo atanunua Fuso, atakuta milioni 70 zilizobaki hazitoshi mashine, kisha atachimba kisima.

Vitabu vya fedha vimekikosoa kipimo hiki kwa miongo mingi, na kwa haki. Hakijali kinachotokea baada ya fedha kurudi, na shilingi ya mwaka wa tatu kinaihesabu sawa na ya leo. Hata hivyo watu hawakiachi. Katika utafiti wa John Graham na Campbell Harvey uliochapishwa mwaka 2001, uliowahoji wakuu wa fedha 392 wa kampuni za Marekani na Kanada, asilimia 57 hivi walisema wanakitumia daima au karibu daima. Waliotumia kile kinachopunguza thamani ya fedha za baadaye walikuwa kama asilimia 30, na waliotumia fahirisi ya faida, yaani kipimo cha kile kinachozalishwa na kila shilingi, asilimia 12 tu. Nitarudi kwenye hoja inayoweza kuwatetea.

Sasa tupunguze thamani ya fedha za baadaye. Wastani wa riba za mikopo ya mabenki Tanzania kwa miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 15 hadi 16, kwa hiyo tutumie asilimia 15. Kwa kiwango hicho shilingi 100 ya mwaka ujao ni shilingi 87 leo, na ile ya mwaka wa tano ni shilingi 50. Jumla ya mapato ya mradi kwa thamani ya leo ukitoa gharama ndiyo thamani halisi ya sasa. Fuso inabakiza milioni 1.6 tu. Kisima kinabakiza milioni 5.4, ghala 12.7, na mashine 13.9. Kwenye Excel fomula ya mashine ni `=NPV(15%,B2:B6)+B1`, ambapo B1 ni gharama iliyoandikwa kwa alama ya kutoa na B2 hadi B6 ni mapato ya miaka mitano. Wengi huiingiza gharama ndani ya mabano, na programu huichukulia kama malipo ya mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo jibu linatoka kasoro.

Chaguo la mweka hazina, yaani Fuso na kisima, linakipa chama milioni 7. Mashine na kisima zinamaliza milioni 120 zote na kukipa 19.3. Pengo la milioni 12.3 ndiyo gharama ya kuchagua kwa kasi peke yake.

Upande wa pili unasema fedha ikiwa adimu, kila shilingi ipimwe kwa kile inachozalisha. Gawanya thamani ya leo ya mapato kwa gharama ya mwanzo, upate fahirisi ya faida. Ghala linapata 1.25, mashine 1.17, kisima 1.14, Fuso 1.03. Mantiki yake ni safi, na pale ambapo miradi inaweza kugawanywa na uhaba ni wa mwaka mmoja tu, mpangilio wa fahirisi ndio unaotoa jibu bora: ungejenga ghala lote, kisha ukanunua sehemu ya mashine kwa milioni 70 zilizosalia.

Lakini nani anauza sehemu ya mashine? Ukifuata fahirisi kwenye miradi isiyogawanyika, unajenga ghala, unaruka mashine kwa kuwa haitoshei, unachimba kisima, na unabaki na milioni 30 zisizo na kazi. Thamani yake ni milioni 18.1, pungufu ya zile 19.3 za mashine na kisima. Mradi wenye fahirisi ya juu kuliko yote umetufikisha kwenye kundi lisilo bora, kwa sababu fahirisi inapima kila mradi peke yake bila kuona kilichobaki kibindoni. Dawa yake ni kuorodhesha makundi yote yanayoingia ndani ya milioni 120 na kujumlisha thamani halisi ya kila kundi. Kwa miradi minne ni kazi ya nusu saa kwa kalamu. Tahadhari moja zaidi: fedha zikibana mwaka wa kwanza na wa pili pia, fahirisi moja haitoshi, maana mradi unaweza kuwa mwepesi mwaka huu na mzito mwaka ujao.

Mpaka hapa inaonekana kama fahirisi, pamoja na ujumlishaji wa makundi, imeshinda. Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba miradi isiyochaguliwa leo imekufa. Kwa chama kisichokopesheka kwa urahisi, fedha inayorudi mapema ndiyo mtaji wa mradi unaofuata. Tuipe hoja hiyo nafasi yake. Chama kilichoanza na Fuso na kisima kinabaki na milioni 30, kinapokea 42 mwisho wa mwaka wa kwanza, na papo hapo kinaweza kujenga ghala. Mwisho wa mwaka wa tatu kina fedha za kutosha kununua mashine. Kilichoanza na mashine na kisima kinajenga ghala mwisho wa mwaka wa pili na kununua Fuso mwaka wa tatu. Ukiirudisha thamani ya kila mradi hadi leo, chama cha kwanza kinapata milioni 27.2 na cha pili 29.9. Hapo sikuhesabu riba ya fedha zinazosubiri, na nimechukulia kuwa wanachama hawagawani chochote njiani. Pengo la milioni 12.3 limeshuka hadi 2.7.

Hii ndiyo hoja inayoweza kuwatetea wale wakuu wa fedha, na naiona nzito. Panapokuwa na uhaba wa kudumu, kasi ya kurudi ina thamani ambayo hesabu ya mwaka mmoja haiioni. Hata hivyo bado haijashinda, na inakaribia tu kwa sharti kwamba miradi mizuri itasubiri kwa bei ileile. Kwa hiyo anayetetea kasi aandike mezani ni mradi upi utakaofuata na lini, badala ya kusema tu kwamba fedha itarudi upesi.

Kipimo kilichobaki, kipindi cha kurejesha mtaji kwa thamani ya leo, mara nyingi hupuuzwa na pande zote mbili. Mimi ninakithamini kwa kazi moja: kukilinganisha na umri wa mradi. Mashine, ambayo kwa hesabu ya kawaida ilirudisha fedha kwa miaka mitatu, kwa thamani ya leo inahitaji miaka minne kati ya mitano ya uhai wake. Faida yake yote imo katika mwaka wa mwisho. Ghala linahitaji kama miaka sita na nusu, linaonekana zito, lakini lina miaka mitatu na nusu ya ziada.

Udhaifu huo wa mashine si wa kinadharia. Msimu wa 2022/23 bei ya alizeti ilishuka sana baada ya serikali kulegeza ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Tuseme mtikisiko wa namna hiyo unakata nusu ya mapato ya mashine katika mwaka wa pili peke yake. Thamani yake halisi inaporomoka kutoka milioni 13.9 hadi 3.3. Mashine na kisima zinabaki na 8.7, wakati ghala na kisima bado zina 18.1. Kumbuka tofauti ya awali baina ya makundi hayo ilikuwa milioni 1.1 tu. Uwezekano wa mtikisiko ukizidi kidogo mmoja kati ya kumi, chaguo linageuka, na kwa zao linalotegemea uamuzi wa bajeti ya kila mwaka siwezi kuuweka chini ya hapo.

Kuna swali ambalo pande zote mbili huliruka: je, milioni 120 ni ukomo wa kweli? Pengine benki imekataa kabisa kukopesha. Pengine pia bodi imechagua namba kwa sababu ya kutopenda deni, na hilo ni jambo jingine. Mashine na ghala pamoja ni milioni 130, na thamani yake ni milioni 26.6. Milioni 10 za ziada zinapandisha faida kwa milioni 7.3. Chama kikikopa hizo 10 kwa riba kali ya asilimia 30 na kuzilipa baada ya mwaka, gharama yake kwa thamani ya leo ni milioni 1.3 tu. Hata ukiingiza hofu ya bei ya alizeti, kundi hili linabaki mbele ya ghala na kisima mpaka uwezekano wa mtikisiko upite theluthi mbili. Michango ya hisa za wanachama ingekuwa nafuu zaidi kuliko mkopo huo.

Kwa hiyo ningeiambia bodi ikatafute kwanza milioni 10. Ikizikosa, ijenge ghala na kuchimba kisima, izihifadhi milioni 30, na isikubali kuingia kwenye Fuso kwa sababu tu fedha ipo. Kwa mapato ya miradi hiyo miwili, mwisho wa mwaka wa pili itakuwa na milioni 79, pungufu ya milioni moja kufikia bei ya mashine, na wakati huo itakuwa imeshaona misimu miwili zaidi ya bei ya alizeti.