Stalagmiti za Omani: Kipi ni Ushahidi wa Mvua na Kipi ni Tafsiri

“Wapo wanaosema jiwe la pangoni linaonyesha mvua ilivyonyesha miaka elfu nane iliyopita, na wapo wanaosema hayo ni makisio tu. Tumwamini nani?”

Wanaoitwa wapinzani katika mjadala huu, kwa sehemu kubwa, ni watafiti wa mapango wenyewe, nao hawakani kwamba Uarabuni kuliwahi kuwa na mvua nyingi kuliko leo. Wanachokataa ni hatua moja tu katika hesabu, ile ya kuchukua tofauti ndogo ya oksijeni iliyomo ndani ya jiwe na kuigeuza moja kwa moja kuwa milimita za mvua. Msimamo wao husimuliwa vibaya, kana kwamba wanaukataa utafiti wote, na kwa sababu hiyo nitaueleza kwa urefu. Nitatumia mapango mawili ya Omani, Hoti lililoko kaskazini ya nchi na Qunf lililoko katika milima ya Dhofari, kusini. Mapango haya yamechunguzwa kwa makini, na upepo unaohusika si mgeni kwetu: ni kusi, uleule unaopita pwani ya Afrika Mashariki kabla ya kuvuka Bahari ya Arabu na kuleta msimu wa ukungu wa Salala.

Jinsi mawe haya yanavyokua inajulikana na wengi, ila kuna jambo moja linalohitaji kutazamwa kwa karibu. Maji ya mvua yanapopenya udongo huchukua hewa ya ukaa inayotokana na mizizi na vijidudu, ambayo ndani ya udongo huweza kuwa nyingi mara kumi hadi mia kuliko iliyo angani. Maji hayo, yakiwa yamepata ukali kidogo, huyeyusha mwamba wa chokaa njiani. Yanapotokea kwenye paa la pango hukutana na hewa yenye ukaa kidogo, ukaa unawatoka, na chokaa iliyoyeyuka haiwezi tena kubaki ndani ya maji. Pale juu tone linaponing’inia, chokaa huganda kwenye ukingo wake kwa umbo la pete, pete juu ya pete, hadi unatokea mrija mwembamba wenye upana wa milimita tano hivi. Huo ndio mwanzo wa stalaktiti. Tone likidondoka bado lina chokaa ndani yake. Linapopasuka sakafuni hutandaza utando mwembamba wa maji, na utando huo huacha tabaka jipya juu ya lile la jana. Jiwe hilo linaloinuka kutoka sakafuni ndilo stalagmiti. Haina tundu katikati, na matabaka yake hupangana kwa utaratibu kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo watafiti huikata stalagmiti na kuiacha stalaktiti.

Kuhusu tarehe, pande zote mbili zinakubaliana, na hilo halisemwi vya kutosha. Urani huyeyuka katika maji, thoriamu haiyeyuki. Tabaka jipya la chokaa basi huzaliwa likiwa na urani bila thoriamu, na thoriamu yoyote itakayoonekana baadaye imetokana na kuoza kwa urani humo humo. Thoriamu-230 hupungua nusu kila baada ya takriban miaka 75,600. Kwa hesabu iliyorahisishwa, tabaka lenye umri wa miaka 8,000 litakuwa limekusanya karibu asilimia saba tu ya thoriamu litakayofikia mwishoni, na mashine za leo hupima kiasi hicho bila shida. Hatari iko kwenye matope. Vumbi au udongo ukinaswa ndani ya jiwe huja na thoriamu yake, na jiwe huonekana la kale kuliko lilivyo. Mtafiti hulitambua hilo kwa kupima thoriamu-232, ambayo haitokani na urani uliomo kwenye jiwe. Ikiwa nyingi, jiwe ni chafu na tarehe yake haina uzito. Kwa jiwe safi, hakuna anayebishana.

Sasa twende Hoti. Kaskazini ya Omani leo hupata chini ya milimita 200 za mvua kwa mwaka katika maeneo mengi, na sehemu kubwa hutoka kwenye mifumo ya hewa ya majira ya baridi itokayo upande wa Mediterania. Ndani ya pango hilo kuna stalagmiti ambazo zilikua kwa kasi tangu kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, kisha kasi hiyo ikakoma karibu miaka 6,200 iliyopita. Kilichoongezeka tangu hapo ni kidogo na cha kukatika-katika. Ukishuka chini zaidi katika mawe ya pango hilohilo unakuta vipindi vingine vya kukua, kikiwemo kile cha miaka 120,000 hadi 135,000 iliyopita, na kati yake mapengo marefu ambamo jiwe halikuongezeka.

Huu, kwa maoni yangu, ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote, nao ndio unaopewa nafasi ndogo zaidi kwa sababu hauna mchoro wa kuvutia. Ili stalagmiti ikue lazima maji yapenye, na ili yawe na chokaa ya kutosha lazima juu yake kuwe na udongo hai wenye mimea. Hapo hatuhitaji kutafsiri chochote kuhusu oksijeni. Jiwe lilikua, kwa hiyo maji yalikuwepo. Wenye shaka wanalikubali hili kwa moyo mweupe, na huongeza tahadhari mbili za haki. Kwanza, jiwe moja likikoma kukua huenda ufa uliolilisha umeziba tu huku mvua ikiendelea; ndiyo maana mapengo lazima yaonekane katika mawe kadhaa kwa wakati mmoja. Pili, kukua kunatuambia kwamba mvua ilivuka kizingiti fulani, hakutuambii ilikivuka kwa kiasi gani.

Hamu ya kujua “kwa kiasi gani” ndiyo inayotupeleka kwenye oksijeni, na kwenye pango la Qunf. Stalagmiti iitwayo Q5 ilichapishwa na Dominik Fleitmann na wenzake mwaka 2003, ikifunika takriban miaka 10,300 iliyopita hadi 2,700, kisha kipande kingine cha karne za karibu zaidi. Oksijeni ina aina nzito, oksijeni-18, na aina nyepesi, oksijeni-16. Wingu linapotoa mvua, ile nzito hutangulia kudondoka, na wingu lililonyesha sana hubaki na maji mepesi. Katika nchi nyingi za joto mvua kubwa huambatana na oksijeni nyepesi. Q5 inaonyesha oksijeni nyepesi tangu karibu miaka 10,000 hadi 8,000 iliyopita, kisha inaelekea uzito polepole, ikienda sambamba na kupungua kwa jua la kiangazi katika nusu ya kaskazini ya dunia. Tafsiri iliyotolewa ni kwamba mvua ya kusi ilipungua taratibu kwa maelfu ya miaka.

Shaka ya kwanza ambayo msomaji angeiwazia ni joto, nayo huanguka haraka. Chokaa ikiganda katika pango lenye joto zaidi hupata oksijeni nyepesi kidogo, takriban sehemu 0.23 kwa elfu kwa kila nyuzi moja. Badiliko la sehemu moja kwa elfu lingehitaji nyuzi nne na zaidi, na kwa Dhofari katika miaka 10,000 hii hakuna sababu ya kuamini joto lilibadilika hivyo. Hapa watetezi wa oksijeni wamesimama vizuri.

Shaka ya pili ni nzito, na inaanzia kwenye mlima wenyewe. Mvua ya kharifu, yaani ule msimu wa ukungu wa Salala kati ya Juni na Septemba, haitoki kwenye mawingu marefu yanayopanda angani. Kusi huvuta juu maji baridi ya kina cha bahari karibu na ufuo wa Dhofari, hewa ya chini inapoa, na hewa yenye joto iliyo juu yake huifunika kama kifuniko cha sufuria. Kinachobaki ni ukungu na manyunyu yanayoegemea mlimani. Miti hunasa ukungu huo kwenye majani yake, maji yakatiririka kwenye shina na kuingia ardhini, ilhali kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani hakikuyaona. Kanuni ya mvua kubwa na oksijeni nyepesi ilijengwa juu ya mawingu marefu. Kuipeleka kwenye manyunyu kunahitaji uthibitisho wake.

Kisha kuna vimbunga. Mwezi Mei mwaka 2018 kimbunga Mekunu kiliimwagia Salala, kwa siku chache, mvua ambayo mji huo huipata kwa miaka kadhaa ya kawaida. Mvua ya kimbunga ina oksijeni nyepesi kuliko manyunyu ya kharifu. Chukua stalagmiti inayokua milimita 0.1 kwa mwaka. Sindano ya kuchimbia ikichukua unga wa nusu milimita, imechanganya miaka mitano. Ndani ya miaka hiyo mitano kimbunga kimoja kinaweza kuvuta wastani upande wa wepesi, na msomaji wa mchoro akahitimisha kwamba kusi ilikuwa na nguvu zaidi, wakati kusi haikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo oksijeni nyepesi ya miaka 9,000 iliyopita inaweza kumaanisha kharifu nene zaidi, au vimbunga vingi zaidi, au mvua ya mawingu marefu iliyofika pale kwa sababu ukanda wa mvua wa tropiki ulikuwa umesogea kaskazini. Zote tatu ni “mvua zaidi” kwa maana pana, lakini kwa mfugaji au kwa mti wa ubani ni hali tatu zisizofanana.

Watetezi wana jibu, na ni jibu la kuheshimiwa. Wanasema Q5 haisimami peke yake: chini ya mchanga wa jangwa la Rub al-Khali kuna masalia ya maziwa ya zama hizohizo, na Hoti ilikuwa ikikua. Wanasema pia kwamba mapango mawili yakisomwa pamoja yanaeleweka: ukanda wa mvua uliporudi kusini, Hoti iliyokuwa ukingoni ilikatika kwa ghafla, na Qunf iliyokuwa ndani zaidi ikapungukiwa taratibu. Nakubaliana nao. Lakini tazama ni nini kinachobeba hoja hiyo. Ni kukua na kukatika kwa mawe ya Hoti pamoja na maziwa yaliyokauka. Oksijeni imefuata nyuma, ikipata maana yake kutoka kwa hivyo vingine.

Na pale Hoti oksijeni ilipopata nguvu ya kusimama, ilikuwa kwa kupima kitu kingine. Ndani ya fuwele za chokaa hunaswa vitone vidogo mno vya maji yaleyale yaliyodondoka siku jiwe lilipokuwa likijengwa. Watafiti waliyatoa maji hayo na kupima hidrojeni yake, na wakakuta kwamba katika vipindi vya ukuaji wa kasi mvua ilitoka kusini, Bahari ya Hindi, tofauti na mchanganyiko wa leo ambamo Mediterania ina sehemu kubwa. Kipimo hicho kinajibu mvua ilitoka wapi. Mchoro wa Qunf ukisomwa hivyo, kama rekodi ya ukanda wa mvua ulivyosogea na aina ya mvua ilivyobadilika juu ya mlima mmoja, unasimama imara mbele ya kila shaka niliyoitaja. Kuubandika mhimili wa milimita kando yake kunahitaji kwanza miaka mingi ya kupima maji yanayodondoka sasa ndani ya pango hilo, kharifu kando na kimbunga kando.