Andikeni kitako cha balbu, jamani

Wiki iliyopita nimepokea paseli ya balbu sita za nyumba ya mama hapa Amu. Zimekuja kwa basi mpaka Mokowe, zikavuka kwa boti, nikamlipa hamali azifikishe Langoni. Napanda ngazi, natoa ile iliyoungua, naisukuma mpya, haiingii. Holda zote za nyumba ile ni za pini na balbu zote sita ni za skrubu. Nikarudi kwenye simu kusoma tangazo: "Balbu ya LED wati 15, mwangaza mkali, inaokoa umeme." Basi, hakuna kingine, na picha imepigwa upande wa glopu tu, kitako hakionekani!

Hilo ndilo linaloniuma. Muuzaji anajua balbu yake ina kitako gani, ameishika mkononi, kuandika ni sekunde tano. Mimi huku kurudisha mzigo ni boti, basi na siku kadhaa za kukaa gizani. Na msiandike B22 au E27 mkaishia hapo, mama zetu hawaijui hiyo. Andikeni: hii ni ya pini, ina vijiti viwili pembeni, unasukuma ndani kisha unazungusha kidogo, kitako kina upana wa milimita 22, kwenye boksi utaona B22. Au: hii ni ya skrubu, unaizungusha kama kifuniko cha chupa ya soda, milimita 27, kwenye boksi E27. Na "ya skrubu" peke yake haitoshi, maana kuna ile nyembamba ya milimita 14, E14, inayowekwa kwenye taa ndogo za ukutani, ukiipeleka kwenye holda ya 27 inapwaya tu, haishiki. Mwambieni mteja atoe balbu iliyoungua, swichi ikiwa imezimwa na balbu imepoa, aweke rula kwenye kitako. Halafu pigeni picha ya kitako, karibu kabisa.

Nikatafuta adapta moja ili nijaribu hata kwenye daka. Balbu ikashuka chini sentimita kadhaa, ikatokeza nje ya kivuli cha taa, na ilipowaka mama akaniambia, "Mwanangu, mbona umeniletea taa ya chumba cha sindano?" Nikasoma boksi: 6500K. Kuta zetu za chokaa nyeupe, ukizipiga na mwanga ule zinakuwa za buluu. Hiyo K ni rangi ya mwanga, wala si nguvu yake, na namba ikipanda mwanga unazidi kuwa mweupe wa baridi. 2700 mpaka 3000 ni manjano ya balbu za zamani za waya, 4000 iko katikati. Mstari mmoja tu wa tangazo ungetosha.

Kwenye boksi hilohilo pia kumeandikwa lumeni 900. Sasa hapa ndipo "wati 15 mwangaza mkali" inapodanganya hata kama mwandishi hakukusudia. Wati ni umeme ambao balbu inakula, lumeni ndiyo mwanga inaotoa. Sokoni kuna balbu ya LED ya wati 9 inayotoa lumeni kama 800, na hiyo ndiyo inayokaribia ile ya zamani ya wati 60. Kwa hiyo yangu inakula wati 6 zaidi na mwanga ulioongezeka macho hayauoni. Ukiwasha kwa muda wa saa sita kila usiku, yuniti moja ya tokeni inaipeleka ya wati 15 siku 11, ya wati 9 siku 18. Anayesoma wati peke yake atachagua 15 akidhani amepata mwanga zaidi.

Sawa, nakubali wengine wanaletewa mzigo na boksi lisilo na lumeni. Basi andika "lumeni hazikuandikwa", mteja aamue mwenyewe.

Mimi ningeiandika hivi: "Balbu ya LED ya skrubu kubwa (E27, milimita 27), haiingii kwenye holda ya pini. Mwanga: lumeni 900, unazidi kidogo balbu ya zamani ya wati 60. Umeme: wati 15. Rangi: nyeupe ya baridi (6500K), inafaa dukani au jikoni, sebuleni itakuwa kali. Umeme wa volti 240. Angalia picha ya pili uone kitako."

Ningesoma hivyo nisingezinunua, najua. Muuzaji angemwuzia mtu mwenye holda za skrubu na duka la kuangaza, na mimi ningemwuliza kama anazo za pini, 3000K. Zile tano zingine bado ziko kabatini kwa mama.