Ficha jibu, usifiche mada: kuhusu kava za karuseli

Mwaka jana niliandikia mteja wangu karuseli ya Instagram, ile posti moja yenye slaidi kadhaa za kuswaipu, na kava ndiyo slaidi ya kwanza. Ni mama mmoja anauza chapati za kufungasha, chapati laini kweli, zinakaa mpaka kesho yake bado unaikunja kama leso. Kwenye kava nikaweka maandishi makubwa ya njano: KOSA MOJA LINALOFANYA CHAPATI ZAKO ZIWE NGUMU. Nikajiona mtaalamu. Slaidi zikawa nane, watu wakafungua, komenti ya kwanza yenye maana ikasema "dada nimefika mwisho, sasa hilo kosa moja ni lipi?"

Nikarudi kusoma kazi yangu mwenyewe kama mtu baki. Slaidi ya pili inasema chapati ni chakula kinachopendwa Afrika Mashariki nzima (ahsante kwa taarifa). Ya tatu inauliza je, umewahi kupika chapati zikawa ngumu? Wakati mtu kaingia humo kwa sababu zimeshakuwa ngumu! Ya nne maji, ya tano mafuta, ya sita kukanda, ya saba moto, ya nane weka oda inboksi. Yaani nimeahidi kosa moja nikatoa mambo manne, hakuna hata moja nililosema ndilo lenyewe. Kila sentensi mle ndani ilikuwa ya kweli lakini kava ilikuwa uongo, na mimi naona huo ndio uongo wa kawaida zaidi kwenye karuseli, unatoka kwa mtu aliyeandika kava kwanza halafu akatafuta cha kujazia nyuma.

Watu wakisikia klikibeiti wanafikiria zile za "hutaamini kilichotokea". Hizo siku hizi hata shangazi yangu anazipita. Shida iko kwa sisi tunaojiona waaminifu halafu tunaandika "hiki kitu", "siri hii", "kosa moja", tukidhani tumetengeneza udadisi, kumbe tumetengeneza ukungu tu. Kuna mtafiti wa Marekani, George Loewenstein, aliandika mwaka 1994 kwamba udadisi unakuja pale mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Sasa ona, ili aone pengo lazima kwanza awe na upande mmoja wa kusimamia, kitu anachokijua tayari. Ukimwambia "hiki kitu" hujampa pa kusimama. Kwa hiyo kanuni yangu ni kutaja mada mpaka mwisho, waziwazi, na kuficha jibu peke yake.

Nikarudi kwa yule mama, mara hii nikaenda jikoni kwake kumtazama anavyokanda badala ya kumuuliza kwenye simu. Nikamwambia, mama, mimi nikipika zangu zinakuwa kama sahani. Akanipa unga nikande mbele yake. Donge likaanza kunata vidoleni, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye unga mkavu, nikanyunyiza, likanata tena, nikanyunyiza tena. Akanishika mkono. "Mwanangu, hapo hapo ndipo unapoiua." Kumbe yeye donge likinata anapaka mafuta mikononi, anakanda kidogo, analifunika na kitambaa chenye unyevu, anaenda kufanya mambo mengine kama nusu saa. Akirudi unga umeshakunywa maji, kunata kumepungua kwenyewe na donge linasukumika bila kujivuta kurudi. Ukiongeza unga kila linaponata unapata donge kavu, na donge kavu likikaa kwenye chuma unajua kinachotoka.

Basi kava ilikuwa pale. Nikaandika: "Donge la chapati likinata mkononi, unafanya nini? Ugumu mara nyingi unaanzia hapo."

Iangalie. Mada ipo yote: chapati, donge, kunata, ugumu. Msomaji anajiona mwenyewe mkono uko kwenye unga. Kilichofichwa ni kimoja tu, afanye nini badala yake. Na hilo "mara nyingi" nililigombania, maana mama mwenyewe alikiri kwamba hata donge zuri ukiliweka kwenye moto mdogo litakaa sana jikoni likakauka. Ningeandika "hii ndiyo sababu" ningekuwa nimerudi kulekule. Neno moja la kupunguza ukubwa halijawahi kuniharibia kava, ila "kosa moja", "kila mtu", "kamwe", hayo yanakudai slaidi ambazo huna.

Jibu nikaliweka slaidi ya pili: "Usiongeze unga. Paka mafuta mikononi, funika, subiri dakika 30." Hapa ndipo tunapobishana na wenzangu, wanasema ukitoa jibu mapema mtu anaondoka. Kwanza, Adam Mosseri, bosi wa Instagram, ameshaeleza kwamba mtu akiiona karuseli asiswaipu, mara nyingi anaweza kuletewa tena ikianzia kwenye slaidi inayofuata. Maana yake slaidi ya pili kwa watu wengine ndiyo kava, na kama pale umeweka "chapati ni chakula kinachopendwa" basi umetupa nafasi mbili kwa mpigo. Pili, jibu zuri linazaa swali. Nimekuambia usiongeze unga, wewe unajiuliza je, si litaendelea kunata? Slaidi ya tatu ikawa picha mbili za donge lilelile, kabla ya kufunikwa na baada ya nusu saa. Ya nne jinsi ya kujua limekuwa tayari, bonyeza na kidole, lisirudi haraka kama mpira. Ya tano ndiyo ile "mara nyingi", nikasema kama donge lako ni laini na bado zinakuwa ngumu, angalia moto. Ya sita oda. Sita tu, nafasi zilibaki kibao maana Instagram inaruhusu mpaka 20, na ile ruhusa ndiyo inayowaponza wengi.

Siku hizi kabla sijafungua Canva naandika kava kwenye karatasi, chini yake naandika swali ambalo msomaji atakuwa nalo kichwani, kwa maneno yake sio yangu, halafu natafuta ni slaidi namba ngapi inalijibu. Nikikuta ni ya saba, nahamisha. Nikikuta hakuna, nafuta kava, sio kuongeza slaidi. Na kuna wakati swali lenyewe ni dogo mno, jibu ni neno moja, hapo naweka jibu kwenye kava kabisa na karuseli inakuwa ya kuonyesha jinsi.

Utajuaje umekosea? Mimi sihesabu laiki. Nasoma komenti, zikiwa "sasa?" au "pati tuu iko wapi" kava ilidanganya. Zikiwa watu wanaongeza swali la mbele zaidi, kwa mfano yule aliyeuliza je, na unga wa atta ni hivyohivyo, ujue ameshapata alichofuata.

Wiki iliyopita mama kanitumia voisi noti, kaona mwenzake ana kava inasema USINUNUE UNGA KABLA HUJASOMA HII, naye anataka ya hivyo. Nikamwuliza, mama, slaidi gani itamwambia mtu kwa nini asinunue? Kimya. Baada ya kama dakika kumi ikaingia picha, donge kwenye bakuli la bluu, chini kaandika "hili nimeweka maji ya moto badala ya vuguvugu, waulize wanaona tofauti gani."