Faili safi lenye dozi isiyojulikana

Maandishi ya mkono ya wodi yakipigwa picha na kusomwa na programu, hutoka na makosa. Wanaotaka yasafishwe mpaka yasomeke bila kukwama wana hoja. Faili lililojaa mabano ya shaka halitafutiki vizuri, na maneno mengi yaliyoharibika hayana utata. Programu ikitoa `lnsulin`, yaani l ndogo mahali pa I, hakuna dawa nyingine ya kudhaniwa. Kuweka alama hapo ni kumchosha msomaji bure.

Shida iko hatua moja mbele, panapoonekana rahisi vilevile. Huu hapa mstari kama ulivyotoka kwenye programu, kisha umesafishwa kwa njia mbili; s/c ni sindano ya chini ya ngozi, na tds ni mara tatu kwa siku:

```
lnsulin 4O s/c tds
insulin 40 s/c tds
insulin 4[?: U au 0] s/c tds
```

Herufi O haina kazi baada ya tarakimu, kwa hiyo msafishaji wa kwanza anaiandika sifuri na kuendelea. Lakini huenda daktari aliandika 4U, yuniti 4, na kalamu ikaifunga U kwa juu. Tofauti ni mara kumi, ya dawa inayoshusha sukari, mara tatu kwa siku. Joint Commission, taasisi ya Marekani inayotoa ithibati kwa hospitali, iliikataza U kwenye orodha yake ya vifupisho ya 2004 kwa sababu hiyohiyo: husomwa 0 au 4.

Kosa la programu angalau linajitangaza. Yeyote anayeona 4O hushtuka na kurudi kwenye picha. Akiona 40 hashtuki, maana wapo wagonjwa wanaopewa dozi kubwa kiasi hicho. Kukisia hakujapunguza makosa hapo. Kumeondoa dalili yake tu.

Utaambiwa muktadha husaidia, na kweli husaidia. Linganisha sifuri nyingine za mkono uleule kwenye ukurasa, kisha tazama chati ya dawa. Hata hivyo, chati ikisema yuniti 4, jibu hilo liende kwenye maelezo ya pembeni, lisiingizwe ndani ya mstari. Pengine chati na maandishi vilitofautiana tangu siku ile, na huenda tofauti hiyo ndiyo mtu anayoitafuta.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili husikika mara chache. Mwandiko huharibika zaidi watu wanapoandika kwa haraka, mgonjwa akiwa mahututi. Mtafiti akitupa kila mstari wenye alama, atapoteza wagonjwa waliozidiwa kuliko wengine. Ndiyo maana napendelea alama inayotaja usomaji unaowezekana, pamoja na namba ya ukurasa na mstari, ili picha ipatikane. `[haisomeki]` tupu ibaki kwa neno lisilotoa hata herufi ya kushika.

Ukali huu hauhitajiki kila mahali. Unahitajika kwenye namba, vipimo, majina ya dawa, na ukanushaji: h iliyofifia mwanzoni mwa "hana homa" inatosha kumpa mgonjwa homa.