Bei ya Mei si utabiri: kontango na hesabu ya ghala

"Mahindi yako ghalani na mnunuzi yuko mlangoni. Ya nini tena kuuza mkataba wa mzigo wa miezi sita ijayo?" Ni swali la mfanyabiashara wa nafaka wa Nyamakima, Nairobi.

Ni kwa sababu wapo wanaohitaji bei kabla hawajahitaji mzigo. Mwenye kinu Eneo la Viwanda atasaga mahindi mwezi Mei, lakini sasa, Novemba, hana nafasi ya kuyaweka wala pesa za kuyalipia yote. Mkulima wa Kitale naye anataka kujua akihifadhi atauza kwa ngapi. Mkataba wa baadaye, ambao kiasi, ubora na mahali pa kukabidhi mzigo vimepangwa na soko, unawapa wote wawili bei leo. Mikataba mingi hufungwa kabla gunia lolote halijasogezwa: aliyenunua huuza, aliyeuza hununua, tofauti ikalipwa.

Sasa, bei ya Mei ikiwa juu ya bei ya Novemba, wengi husema soko linatabiri njaa. Si lazima. Tuchukue gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,600, bei ya mfano tu. Mkopo wa asilimia 15 kwa mwaka unakula shilingi 270 kwa miezi sita. Ghala na dawa ya wadudu tuseme 90, na uzito unaopotea 72. Jumla ni 432, kwa hiyo mkataba wa Mei ukiuzwa karibu 4,030, haujatabiri chochote. Umelipa riba na ghala. Hali hiyo ya bei ya baadaye kuizidi ya leo ndiyo kontango.

Mkataba ukipanda hadi 4,300, mwenye ghala atakopa, anunue mahindi leo, auze mkataba, na kubaki na shilingi kama 270 kwa gunia. Wakifanya hivyo wengi, pengo litarudi. Lakini mkataba ukishuka chini ya bei ya leo, hakuna kamba ya kuuvuta juu namna hiyo. Mwezi Juni, ghala zikiwa tupu, mahindi ya Desemba yanaweza kuwa rahisi kuliko ya leo kwa mbali, kwani hakuna anayeweza kuazima mavuno ambayo bado yako shambani.

Dhahabu haiozi wala haijazi ghala, ndiyo maana kontango yake ni riba karibu tupu. Mafuta ni kinyume chake. Tarehe 20 Aprili 2020, mkataba wa Mei wa mafuta ya Marekani ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, huku ule wa Juni ukiwa dola 20 hivi. Aliyebaki na mkataba wa Mei alipaswa kupokea mapipa 1,000 Cushing, Oklahoma, na matangi ya huko yalikuwa yamejaa au yameshakodishwa. Akawa anamlipa mwingine ayachukue. Mifuko ya uwekezaji iliyokuwa ikihama kila mwezi kutoka mkataba wa bei ya chini kwenda wa bei ya juu iliumia pia, hata kwa wawekezaji wasiowahi kuona pipa.

Je, Kenya iwe na mikataba ya mahindi? Hoja ya kuitaka ina uzito. Chicago inauza mahindi ya njano, sisi tunasaga meupe. Johannesburg ina mikataba ya meupe, lakini kwa randi na kwa mzigo wa huko, hivyo kinu cha Nairobi kikijikinga nayo kinabaki na hatari ya sarafu na ya usafiri. Wanaoogopa walanguzi nao nawaelewa: soko dogo ni rahisi kutekwa na wachache. Ila bila mtu wa kubahatisha, mkulima anayetaka kuuza mkataba Novemba huenda asipate wa kuununua.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni serikali. Mwaka 2017 unga wa kilo mbili ulishushwa hadi shilingi 90 kwa ruzuku na mahindi ya nje. Walaji walipona, nami siwezi kulipinga hilo. Lakini aliyehifadhi mahindi akitarajia bei ya miezi ya uhaba hana mkataba unaoweza kumkadiria uamuzi wa ghafla kama huo.

Soko la Hisa la Nairobi limekuwa na soko la mikataba ya baadaye, NEXT, tangu Julai 2019, likianza na mikataba ya hisa. Kwa mahindi ningeanza na stakabadhi za ghala, zilizopata sheria mwaka huohuo, hadi mnunuzi aamini karatasi inayosema unyevu hauzidi asilimia 13.5 na aflatoksini imepimwa. Kisha ningetazama jambo moja: siku mkataba unapoisha, bei yake na ya gunia langoni mwa ghala zinakutana? Zikipishana mara kwa mara, mwenye kinu aliyedhani amejikinga atakuwa amebeba hatari mbili badala ya moja.