Karatasi Niliyoibandika Ukutani

Ofisini kwetu hakuna kuta kati ya mtu na mtu. Aliyeichora aliamini kwamba watu wakionana watashirikiana, na kweli tunaonana, ila zaidi tunasikiana. Tuko 12 kwenye meza mbili ndefu, na kati yangu na jirani yangu wa kulia kuna kikombe cha kalamu tu. Huyo jirani ndiye habari yenyewe.

Ni mtu mzima, mpole, asubuhi hapiti bila kumsalimia kila mmoja kwa jina. Naomba msimchukie. Mimi nilimchukia wiki tatu nzima na malipo yake niliyapata, kama mtakavyoona.

Tatizo lilikuwa simu. Kila anayempigia, awe mkewe, awe mteja, awe mtu aliyekosea namba, alisikika ofisi nzima. Jirani yangu aliilaza simu mezani chali, akaiinamia kama mtu anayechungulia kisima, kisha akaita: "Haloo!" Na kisima kikajibu. Kwa njia hiyo sote tukamfahamu fundi wake wa paa. Fundi huyo alishachukua malipo ya awali, akaezeka nusu, akapotea. Kila siku saa nne alipigiwa, na kila siku alikuwa njiani. "Niko njiani, mzee, nakaribia kabisa," alisema, huku nyuma yake tukisikia kitanda kinalia na mtu anauliza nani amechukua shuka.

Nitakuwa mkweli: wiki ya kwanza tulicheka. Wiki ya pili nilikuwa na ripoti ya kukabidhi, na katika jedwali moja nilijikuta nimeandika "mabati 18" mahali palipotakiwa jina la mteja.

Nikaamua kusema. Nilifanya mazoezi chooni mbele ya kioo, nikachagua sauti ya heshima, nikarudi. "Kaka, samahani. Naomba upunguze sauti ya simu kidogo."

"Aa, mdogo wangu, si ungesema mapema!" Akaichukua simu palepale, akabonyeza kitufe cha ubavuni, kamstari kwenye kioo kakashuka hadi chini kabisa. Akanionyesha. Nikashukuru. Nikajiona mtu mzima mwenye kujua kuishi na watu.

Robo saa baadaye fundi alikuwa njiani kwa sauti ileile.

Kesho yake nikarudia ombi. Akabonyeza tena, akatazama kioo, akanitazama mimi kwa huruma. "Imefika mwisho, mdogo wangu. Haishuki zaidi ya hapo." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Ulishawahi kupima masikio? Kuna watu yanakuwa makali mno, si kosa lao." Tangu siku hiyo akawa ananinong'oneza. Asubuhi kila mtu alisalimiwa kwa sauti ya kawaida, akifika kwangu anainama: "umeamkaje," polepole, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Kisha anakaa, anailaza simu chali, anaita "HALOO!"

Hapo nikaamini ananidhihaki. Na mimi, kama waoga wote, nikakimbilia karatasi. Nilibaki jioni, nikachapa kwa herufi kubwa: TAFADHALI PUNGUZA SAUTI ZA SIMU. TUNAFANYA KAZI PAMOJA. Nikaibandika ukutani mbele yake kabisa, kwa gundi ya karatasi pembe zote nne.

Asubuhi aliisoma akiwa amesimama, mikono kiunoni. Kisha akampigia mkewe, kwa spika, akamsomea neno kwa neno.

"Ni vizuri wamewaambia," mkewe akasema, na sote tukamsikia. "Ni nani huyo anayewapigia kelele?"

"Sijui, mama. Nadhani ni wale wa meza ya mwisho kule."

Wa meza ya mwisho kule wakainua vichwa. Dada wa uhasibu, anayekaa mkabala nami, alikuwa ameuma kalamu na mabega yanamtikisika.

Karatasi ina ubaya mmoja: inasema na kila mtu, kwa hiyo anayehusika husikia inasemwa na mwingine. Na ombi langu la mdomo nalo, nikilitazama sasa, lilikuwa na kasoro. "Punguza sauti" haimwambii mtu afanye nini. Alichoelewa yeye ni kubonyeza kitufe, na alikibonyeza mara mbili kwa moyo safi. Nilichotaka mimi ni asitumie spika.

Basi siku ya tatu ya karatasi nikamwomba tutoke hadi kwenye korido. Safari hii nikasema kitu kizima: "Kaka, ukipigiwa simu pale mezani, naomba uiweke sikioni badala ya spika. Kama ni mazungumzo marefu, hata ukitoka hapa koridoni ni sawa. Nikisikia maneno ya mtu mwingine siwezi kuandika yangu."

Hakukasirika hata kidogo. "Sikioni?" akasema. "Mdogo wangu, mimi napenda kuongea na mke wangu mbele ya watu 11? Sikioni haisikiki. Na nikiiweka sikioni kioo kinazima, hakiwaki tena, siwezi hata kukata. Juzi nilimwambia shemeji kata wewe, naye anasema kata wewe, tumekaa hivyo dakika nzima."

Sasa mimi ni mtu wa simu. Nduguzo wakikuita fundi kwa sababu uliwahi kuwasaidia kufuta picha, unaanza kuamini. Nikamwambia tupime. Nikampigia tukiwa pale pale. Kwa spika: sauti safi. Sikioni: nikaisikiliza mwenyewe, ilikuwa kama nzi ndani ya chupa iliyofungwa. Tukachomeka waya wa masikioni: safi tena. Kwa hiyo mtandao ulikuwa mzima na simu kwa ndani ilikuwa nzima. Kilichobaki ni kile kitundu chembamba cha juu, kinachokaa sikioni. Mara nyingi huziba vumbi na jasho, na dawa yake ni mswaki laini mkavu, simu ikiwa imeinamishwa ili uchafu udondoke. Pini hapana, inatoboa wavu. Haya yote nilimweleza kwa sauti ya mhadhiri. Yeye alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima.

Nikaipeleka simu dirishani penye mwanga nikague uchafu. Hapakuwa na uchafu. Palikuwa na protekta. Imepandishwa juu kupita mahali pake, ukingo wake umelala barabara juu ya kitundu cha sauti, na ule mkanda mweusi wa protekta umefunika kile kijisensa kilicho pembeni ya kitundu. Kazi ya sensa hiyo ni kutambua kwamba simu iko sikioni, izime kioo ili shavu lisibonyeze kitu. Ikifunikwa, simu hudhani iko sikioni muda wote. Ukiweka spika haijali, kioo kinabaki kinawaka. Kila kitu kikawa wazi. Maskini huyu mtu alikuwa na njia moja tu ya kupiga simu.

Nikacheka ile ya fundi anayekutana na kazi ya fundi mbovu. "Kaka, hii hata si protekta ya simu hii! Ni nani aliyekubandikia?"

Akanitazama. Akaendelea kunitazama.

"Wewe," akasema.

Ndipo nikakumbuka. Simu yake ilikuwa imeanguka chini ya meza, protekta yake ikapasuka, nami nikatoa moja iliyokuwa imelala kwenye droo yangu tangu simu yangu ya zamani. Nilisema zinafanana. Nilimkataza asinishike mkono. Nilipomaliza nikamwambia, nakumbuka vizuri, "wengine wanalipisha kwa kazi kama hii." Hiyo ilikuwa wiki tatu kabla, yaani siku ileile fundi wa paa alipoanza kusikika ofisini. Yeye alidhani ni ile kuanguka ndiyo iliyoua spika ya sikioni, na hakutaka kunisumbua tena.

Nikaibandua kwa ukucha, kuanzia pembeni, polepole, nikiomba ipasuke vidoleni mwangu angalau nipate adhabu ndogo. Haikupasuka. Nikampigia. Akaweka sikioni, uso ukafunguka: "Nakusikia! Kama uko hapa!" Nilikuwa hapo.

Likabaki lile la kitufe. Nikamwambia akibonyeze sasa, simu ikiwa hewani. Kamstari kakatokea, kamejaa hadi juu. "Hii ndiyo sauti ya simu," nikamwambia. "Ile uliyoshusha mara ya kwanza ni ya video na muziki. Kila moja ina yake, hata mlio na kengele ya kuamka." Akanyamaza kidogo.

"Ndiyo maana," akasema. "Wananitumia video za mjukuu, naona midomo inachezacheza tu. Nikamwambia mama yake ampeleke kwa daktari, mtoto haongei."

Siku mbili tukaishi kama maktaba. Nilimaliza ripoti. Siku ya tatu, saa nne, simu ikaita kwa mlio wa adabu, jirani yangu akaiweka sikioni.

"Haloo. Umefika? ... Eeh. ... Eeh. ... Nani yuko juu ya paa?"

Vidole vyangu vikasimama.

"Mbuzi? ... Wangapi? ... Sasa wamepandaje?"

Dada wa uhasibu akaacha kikokotoo. Meza ya mwisho wakageuza viti. Nimekuja kusoma baadaye kwamba mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walilipima jambo hili: waliwapa watu kazi za umakini kwenye kompyuta huku wakisikia mazungumzo ya simu. Waliosikia pande zote mbili walifanya kama kawaida. Waliosikia upande mmoja tu ndio walioharibu, kwa sababu akili haiachi kukisia ule upande usiosikika. Sikuhitaji kusoma. Nilikuwa najionea. Wiki tatu za spika zilinigharimu jedwali moja, na dakika nne hizi hapakuwa na mtu hata mmoja ofisini aliyeandika herufi.

"Usimguse. ... Nasema usimguse! ... Na yeye fundi mwenyewe yuko wapi? ... Wewe. ... Anasemaje? ... Haiwezekani. Haiwezekani! Rudia hapo aliposema."

Bosi alikuwa ametoka chumbani kwake, amesimama mlangoni, faili mkononi, halisomi.

"Kaka," dada wa uhasibu akasema kwa sauti ya kubembeleza, "hebu weka spika kidogo."

Akaziba simu kwa kiganja. Akaniangalia mimi, kisha akaelekeza kidevu ukutani, kwenye karatasi. "Ningeweka," akasema kwa upole, "ila mdogo wangu ana shida ya masikio."

Wote 10 na bosi wakanigeukia. Nikainuka, nikaenda ukutani, nikaanza kuibandua kwa ukucha, kuanzia pembeni.